Siku moja maabara, nikitafuta namba ya uma wa sauti

Saa 1:00 asubuhi

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari hapa Tanga. Kazi ya kwanza kila siku ni kufungua madirisha na kusoma kipimajoto. Leo saa moja tu kimeshafika nyuzi 27, na kufikia mchana kitapita 30. Kwa majaribio ya sauti namba hiyo ina maana kubwa, na ndiyo iliyonitia shaka jana jioni nilipokuwa napitia madaftari ya kidato cha tano.

Walikuwa wanapima kasi ya sauti kwa bomba la maji na uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili kinacholia kikipigwa. Uma wao ulihesabiwa kuwa wa 256 Hz, yaani unaotetema mara 256 kwa sekunde. Makundi mengi yalipata karibu mita 349 kwa sekunde, kundi moja likapata 341. Wanafunzi wa kundi hilo walifurahi kwelikweli, kwa sababu kitabu kimeandika 340. Lakini ile 340 ni ya hewa ya nyuzi kama 15. Ukianza na 331 za nyuzi sifuri, ukaongeza 0.6 kwa kila nyuzi, kwa joto la 30 unapata 349. Waliokubaliana na kitabu ndio waliokosea, na si kosa lao. Uma waliopewa umechongwa herufi C, lakini tarakimu zilizofuata zimelika kwa kutu na kushikwashikwa.

Kama uma ule si 256, basi hesabu yao imeanza na namba isiyo yake. Inawezekana pia walisoma rula vibaya, maana tofauti yote ni kama sentimeta moja na nusu tu ya urefu wa bomba. Bomba halitoshi kuamua. Mapigo yanatosha, yaani kule kuvuma na kufifia kwa sauti uma mbili zinapolia pamoja.

Saa 2:30

Kabla ya kupima kisichojulikana, nahakikisha kinachojulikana. Tuna masanduku mawili ya uma za sauti, na kila moja lina 256 yake. Nazipiga zote mbili kwenye kizibo kinene cha mpira, nasimamisha mipini yake juu ya meza moja ya mbao, nasikiliza. Sauti inavuma, inafifia taratibu, inavuma tena baada ya sekunde tano hivi. Hilo ni pigo moja kwa sekunde tano, yaani tofauti ya 0.2 Hz. Uma mbili zisizotoka sanduku moja zikikubaliana kiasi hicho, nakuwa na imani nazo. Ningesikia mapigo mawili au matatu kwa sekunde, ningejua mojawapo imewahi kudondoshwa au kupigwa tupa, na kazi ingesimama hapo.

Wageni wa maabara hupenda kuzipiga uma kwenye ukingo wa meza. Chuma kwa kitu kigumu kinatoa mlio mkali wa juu unaokaa sekunde kadhaa na kufunika sauti yenyewe, na ukizoea hivyo meno yanaharibika. Mpira, au sehemu nene ya kiganja, inatosha.

Saa 4:00

Chai na vitumbua. Mwalimu wa fizikia anakubali kunipa kipindi chake cha saa tano, wanafunzi waone uma ule ukipata jina.

Saa 5:00

"Shikamoo, fundi!" Wameingia. "Marahaba. Kaeni karibu na meza ya mbele, na feni izimwe."

Nawapa kwanza maelezo mafupi. Chukua watu wawili wanaotwanga, kila mmoja na kinu chake, mmoja ana mwendo wa haraka kidogo. Kuna wakati michi inashuka pamoja na kishindo kinakuwa kikubwa. Halafu wanaachana, mpaka mmoja anashuka wakati mwenzake ananyanyua. Kisha wanakutana tena. Wanakutana kila mara yule mwepesi anapomzidi mwenzake mtwango mmoja kamili. Akimzidi mitwango mitano kwa dakika, watakutana mara tano kwa dakika. Uma mbili hufanya hivyo hivyo na hewa: idadi ya mapigo kwa sekunde ni tofauti ya masafa yao, yaani ya mitetemo yao kwa sekunde, si zaidi wala si pungufu.

Msichana mmoja anachukua uma ule wa C, anaupiga, anausogeza sikioni huku akiuzungusha kwa vidole. "Fundi, huu una mapigo peke yake!" Darasa linacheka, lakini amesikia kitu cha kweli. Uma mmoja ukizungushwa karibu na sikio hufifia mara nne katika kila mzunguko, kwa sababu kuna pande ambako mawimbi ya nje ya meno na ya katikati yao yanafutana. Ndiyo maana tunasimamisha mipini mezani, hatuzungushi chochote. Na ukiwa na shaka, nyamazisha uma mmoja kwa kidole: mapigo ya kweli yanakufa papo hapo, hayo mengine yanaendelea.

Sasa tunapiga C pamoja na 256. Meza inatetemeka kwa haraka, wa-wa-wa-wa. Jaribio la kwanza halikusikika vizuri kwa sababu uma mmoja ulipigwa kwa nguvu kuliko mwenzake. Sauti zikiwa hazilingani kwa ukubwa, hazifutani kabisa, na mapigo yanakuwa mafifu. Tunarudia kwa nguvu sawa.

Mapigo zaidi ya matano kwa sekunde hayahesabiki moja moja kwa mdomo. Tunafanya hivi: mmoja anagonga paja kwa kila pigo, na anatamka namba kila baada ya mapigo manne. Anaanza na "sifuri" pale saa inapobonyezwa, akifika "kumi" saa inasimama. Hayo ni mapigo 40. Ukianza na "moja" badala ya "sifuri" umejipunguzia mapigo manne bila kujua, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika madaftari.

Wametupa sekunde 7.2, kisha 7.0, kisha 7.1. Wastani ni 7.1, na 40 ukigawa kwa 7.1 unapata 5.6.

Kidole cha mtu kinaweza kuchelewa au kuwahi sehemu mbili za kumi za sekunde. Katika sekunde 7.1 hilo ni kosa la karibu asilimia 3, ambalo kwa kawaida lingetia aibu. Lakini asilimia 3 ya 5.6 haifiki hata 0.2 Hz, na hiyo 0.2 inakwenda kuongezwa kwenye namba ya mia mbili na zaidi. Kwa saa ya kawaida na vidole vya wanafunzi tumepima masafa kwa kosa lisilofika sehemu moja katika elfu. Bomba la maji haliwezi hilo. Siri ni kwamba hatukuhesabu mitetemo yote, tumehesabu baki tu. Sehemu kubwa tumeazima kutoka kwa 256, na ndiyo sababu niliikagua asubuhi.

Tatizo ni kwamba baki halisemi liko upande gani. 256 kuongeza 5.6 ni 261.6. 256 kutoa 5.6 ni 250.4. Sikio halitofautishi, mapigo ni yale yale. Kengele inalia, nawaambia warudi saa nane.

Saa 8:00 mchana

Kipimajoto kimefika 31. Wamerudi nusu yao, wale wenye hamu.

Njia ya kuamua ni nta. Ukiongeza uzito kwenye meno ya uma, yanatetema polepole zaidi, masafa yanashuka. Tunaupaka uma usiojulikana. Kama ulikuwa juu ya 256, utashuka kuisogelea, na mapigo yatapungua. Kama ulikuwa chini, utazidi kuiacha, na mapigo yataongezeka.

Kijana mmoja mwenye haraka anabandika madonge mawili ya nta, kila moja kubwa kama gololi ndogo. Wanahesabu: mapigo karibu sita kwa sekunde. "Yameongezeka! Kwa hiyo ni 250.4."

Hapo ndipo pa kusimama. Nta ikiwa nyingi, uma unaweza kushuka kutoka juu, ukapita 256 penyewe, ukaendelea chini mpaka tofauti iwe kubwa tena kwa upande wa pili. Anayepima mwanzo na mwisho tu hawezi kujua kilichotokea katikati. Namwambia atoe yote, asafishe meno, aanze na kipande cha ukubwa wa punje ya hindi kwenye kila jino, karibu na ncha. Kwenye yote mawili, kwa sababu jino moja likilemewa peke yake uma unakosa uwiano, mpini unatikisika na sauti inakufa mapema.

Mapigo 40 sasa yamechukua sekunde 9.6, yaani 4.2 kwa sekunde. Yamepungua. Anaongeza kidogo, yanakuwa kama matatu. Anaongeza tena, linabaki moja la polepole. Tena, na sauti mbili zinakuwa moja, hakuna pigo. Anabandika kipande kingine na mapigo yanarudi, yakienda kasi zaidi kadiri anavyoongeza. Safari nzima imesikika. Uma ulikuwa juu: 261.6 Hz.

"Mbona hiyo namba haimo kwenye sanduku?" anauliza yule msichana wa asubuhi. Swali zuri. Masanduku ya maabara hufuata C ya 256, ambayo ni moja ikizidishwa kwa mbili mara nane, rahisi kwa hesabu. Wanamuziki huanza na noti A ya 440 Hz, na katika ngazi yao C ya katikati inaangukia 261.6. Uma huu ni wa muziki. Umeingia kwenye sanduku letu kwa sababu herufi ni ile ile.

Saa 11:00 jioni

Napeleka uma kwenye ukumbi wa kwaya. Mwalimu wa kwaya ana kinanda cha umeme. "Dada, naomba C ya katikati, kwa sauti ya filimbi, bila mtikisiko." Anabonyeza na kushikilia. Nasimamisha uma juu ya ubao karibu na spika.

Pigo moja, kwa sekunde nne hivi. Yeye anasema zimelingana, na kwa kwaya zimelingana. Lakini robo ya hezi ile ina mwenyewe. Chuma kikipata joto kinalegea, na uma hupungua karibu sehemu moja katika elfu kumi kwa kila nyuzi moja. Uma hutengenezwa utoe namba yake kwa nyuzi 20, ukumbi una 29, kwa hiyo 261.6 imeshuka kwa 0.24. Kinanda hakijali joto. Asubuhi robo hii haikuonekana kwa sababu uma zote mbili zilikuwa za chuma na zilishuka pamoja.

Nimerudi maabara na kuandika kwenye daftari la vifaa: *Uma, C ya muziki, 261.6 Hz kwa nyuzi 20, umepimwa kwa mapigo dhidi ya 256. Usitumike kwenye bomba la maji kama 256.* Kisha nikachukua daftari la lile kundi. Nikaweka 261.6 mahali pa 256, bila kugusa urefu wao wowote, na kasi yao ikapanda kutoka 341 hadi 348.