Vichupa vya "Tumia Kwanza" na kijana aliyekaribia kunyamaza

Nilipokabidhiwa stoo ya chanjo nilipewa funguo, friji mbili, na ushauri ambao sikuuomba: vijana wapya uwabane, wakikosea uwakate posho, watanyooka. Aliyenitangulia aliniachia hata daftari la makosa lenye safu ya "Jina la mkosaji", na alijisifu kwamba halina hata mstari mmoja. Kweli halikuwa nao. Vichupa vilikuwa vimevunjika, mlango wa friji ulishawahi kuachwa wazi, na daftari bado jeupe pe. Nani ajiandike mwenyewe chini ya kichwa kama kile?

Safu ile niliifuta. Nikaanza mtindo wa kuuliza swali moja kila vichupa vinaporudi kutoka huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watoto nje ya kituo: "Hivi vimepitia nini leo?" Sikuuliza nani kafanya nini. Wengi walijibu "hakuna kitu, dada" na kuondoka zao, nami niliendelea tu kuuliza.

Basi tukaletewa kijana mgeni, mchapakazi, mwoga wa kuonekana hajui. Siku moja gari la mkoba likaja mapema kuliko kawaida, dereva anapiga honi nje. Pakiti za barafu zikitoka kwenye friza haziwekwi moja kwa moja kwenye kibebeo cha chanjo, zitaigandisha. Unaziacha mezani mpaka zitoe jasho, na ukiitikisa moja karibu na sikio usikie maji yanacheza ndani. Yeye alizichomoa zikiwa ngumu kama jiwe, akazipanga, akatia chanjo katikati, akafunga kifuniko, wakaondoka.

Njiani akakumbuka jasho. Aliporudi mchana mimi nilikuwa kikaoni, kwa hiyo swali langu halikuulizwa. Akatazama kiashiria kwenye kila kichupa, kile kiduara chenye mraba ndani: miraba yote myeupe. Akamweleza mwenzetu mmoja, mtu mzima kazini, na huyo akamwambia, "Kiashiria kiko sawa, unataka kujichongea kwa nini?" Kijana akavirudisha vichupa ambavyo havijafunguliwa kwenye friji, ndani ya kisanduku cha "Tumia Kwanza", kama taratibu zinavyotaka.

Ushauri ule uliniudhi kuliko kosa lenyewe. Kiashiria kile kinapima joto. Mraba unazidi kuwa mweusi kadiri kichupa kinavyokaa kwenye joto, ukilingana na duara unatupa. Kuhusu kuganda hakisemi chochote. Kichupa kinaweza kuganda kikayeyuka na mraba ukabaki mweupe vilevile. Chanjo ya surua isiyochanganywa na ile ya polio ya matone hazidhuriki kwa kuganda. Lakini ile ya magonjwa matano tunayoiita pentavalenti, pepopunda na homa ya ini B zina chumvi ya alumini, na zikiganda chembe zake hushikana, nguvu ya chanjo hupotea na haiwezi kurudi. Mtoto anachomwa, analia, kadi inaandikwa, na kinga haipo.

Sasa fikiria kisanduku kile. Vichupa vilivyorudi ndivyo vinavyotangulia kutoka asubuhi inayofuata. Taratibu nzuri kabisa, ila mtu akinyamaza ndiyo inayopeleka kichupa kibovu kwa mtoto wa kwanza kwenye foleni.

Asubuhi yake nilimkuta kijana ananisubiri mlangoni. Nasoma kipimajoto, yupo. Naandika, yupo. Nikamuuliza lile swali langu, jana vilipitia nini. Akasema, "Dada, pakiti hazikutoa jasho." Sauti yenyewe haikutoka sawasawa.

Nikatoa kisanduku, nikakibandika karatasi "Usitumie", nikakirudisha friji rafu ya chini kikiwa peke yake. Yule mwenzetu mtu mzima akaingia kwa fahari, akachukua kichupa kimoja cha pentavalenti, akakitikisa, akakiinua dirishani. "Nyeupe, safi, haina mabonge." Bila shaka ni nyeupe! Kila kichupa kikitikiswa kinakuwa cheupe. Ukipima bila cha kulinganishia unakuwa umetikisa mkono tu.

Jaribio la kutikisa linataka kafara. Nikachukua kichupa kizima cha aina ileile, kiwanda kilekile, namba ya toleo ileile, nikakiandika kwa kalamu nene "KIMEGANDISHWA, USITUMIE" ili kisije kikamponyoka mtu, nikakilaza kwenye friza mpaka kesho yake kikawa barafu tupu. Kisha nikakiacha kiyeyuke chenyewe mezani. Usikiweke juani wala kwenye maji ya moto. Mlioko stoo mtaniuliza kwa nini niharibu kichupa kizuri kwa makusudi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kumwaga friji nzima kwa kukisia.

Nikampa kijana avishike vyote viwili kwa mkono mmoja, cha kafara na cha mashaka, avitikise kwa nguvu sekunde kama kumi na tano, avitue sambamba pale pasipotikisika. Tukainama kutazama. Cha kafara kilianza kujitenga mapema: mashapo yanashuka, juu maji yanabaki meupe hafifu halafu yanang'aa. Cha mashaka kikashuka nacho bega kwa bega. Muda wa kutazama ni hadi nusu saa, lakini hatukuhitaji wote. Kikishuka sawa na cha kafara, au kukipita, kiliganda. Kikichelewa waziwazi, kiko salama. Toleo la pepopunda, ambalo lilikuwa upande wa katikati ya kibebeo, tulilipima kwa kafara yake, likachelewa vizuri kabisa. Tukalirudisha kazini.

Kwa hiyo tulitupa pentavalenti zilizokuwa kwenye kibebeo, hazikufika ishirini. Toleo hilohilo lililobaki friji hatukuligusa, maana kumbukumbu ya kipimajoto ilionyesha friji haikushuka chini ya nyuzi 2, na kijana alishasema kilichotokea, wapi na lini. Bila maneno yake, siku tungegundua kichupa kimoja kibovu tungeishuku friji, tumshuku fundi, na pengine tumwage kila kitu.

Kulikuwa na jambo zito zaidi: watoto waliochomwa siku ile ya mkoba. Nikaripoti juu nikiwa na namba ya toleo na majina kutoka kwenye rejista, tukaelekezwa kuwaita warudie dozi. Mama mmoja alinifokea, na ana haki. Tungeyapata wapi majina yale kama tungekuja kujua baada ya miezi?

Posho ya kijana haikukatwa, niligombana kidogo na ofisi juu ya hilo. Tulichobadilisha ni ratiba: anayefika wa kwanza ndiye anayetoa pakiti friza, hata gari likipiga honi, na kibebeo hakifungwi mpaka mtu wa pili azitikise asikie maji. Siku za baridi kusubiri kunakuwa kurefu, madereva wananuna. Wanune.

Daftari sasa linaitwa "Vimepitia nini" na linajaa. Mwandiko ninaouona mara nyingi ni wa kijana yule. Wiki hii kaandika: "Mlango wa friji ya pili haukubana, nimeukuta hivyo, kipimajoto nyuzi 6, raba imechanika kona ya chini." Fundi ameshaitwa.