Alhamisi yangu na korosho: kutoka ndoo ya kuloweka hadi kitambaa cha jibini

Kazi ya leo ilianza jana saa tatu usiku, nilipomimina kilo moja ya vipande vya korosho kwenye ndoo, nikafunika kwa maji na kuingiza ndoo kwenye friji. Natengeneza krimu na jibini laini ya korosho nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Wateja wangu ni hoteli moja na familia kadhaa za Wasabato wasiokula nyama wala maziwa. Kwetu ni Newala, nimekua nikiwaona mashangazi wakibangua korosho huku wamejipaka majivu mikononi ili mafuta ya ganda yasiwaunguze. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba korosho inaweza kuwa jibini.

Saa 11 alfajiri

Kabla ya chai nafungua friji na kutoa kipande kimoja kwenye ndoo. Nakibonyeza kwa kucha ya kidole gumba. Kilicholoweka vizuri kinagawanyika taratibu na kubaki kama siagi ngumu, tena rangi ya ndani ni sawa na ya nje. Kisicholoweka kinakatika kwa mlio mdogo, na katikati yake kuna kiini kilicho kikavu na cheupe zaidi. Kiini hicho ndicho kitakachokuwa mchanga kwenye krimu, na hakuna blenda ya nyumbani itakayokimaliza.

Watu huniuliza kwa nini siziloweki mezani. Kwa joto la Dar, korosho zikilala nje usiku kucha maji yanatoa povu na kunuka uchachu kabla hujaamka. Ndani ya friji saa nane zinatosha. Ukiwa na haraka, zichemshe dakika kumi na tano hadi ishirini kisha uzimwage maji. Zinalainika vizuri, ila ladha inapoa kidogo na krimu inakuwa nzito zaidi.

Na ziwe mbichi, maana yake zilizobanguliwa na kuondolewa ngozi ila hazijakaangwa. Zilizokaangwa hazinywi maji vizuri, utasaga mpaka uchoke. Vipande ni bei nafuu kuliko korosho nzima, na kwa kuwa kazi yake ni kusagwa, sioni sababu ya kulipia uzuri wa umbo.

Saa 12 asubuhi

Namwaga maji ya kulowekea na kusuuza mara tatu, huku wifi yangu anachambua ngozi zilizobaki. Ngozi ile ya kahawia ndiyo inayoacha vidoa na uchungu. Kilo moja imekuwa kilo moja na gramu mia tatu na sabini. Naipima kila siku, kwa sababu ikiwa imeongezeka kidogo sana najua haijanywa maji ya kutosha.

Kisha nageukia bakuli la jibini lililolala kwenye kabati. Jana jioni nilitia unga wa vidonge viwili vya bakteria wazuri wa tumbo, vile vinavyouzwa famasi, kwenye korosho zilizosagwa nzito, ambazo kabla ya kulowekwa zilikuwa gramu mia tano. Baada ya saa kumi na nne, uso umeumuka kidogo, una vijishimo vya hewa, na harufu ni ya mtindi mchanga. Nikiona ukungu wa rangi yoyote, hasa wa waridi, au harufu inayofanana na jasho, bakuli lote linaenda kwenye taka. Sikwangui juu na kubakisha chini.

Sehemu hii siifanyii mzaha. Mwaka 2021 jibini ya korosho ya kiwandani huko Marekani iliondolewa sokoni baada ya watu kuugua salmonela. Jibini unaiacha kwenye joto kwa makusudi ili bakteria wazaliane, na usipoanza na korosho safi, wabaya nao wanazaliana. Kwa hiyo za jibini huwa nazitumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika mbili kabla ya kusaga, na maji ya kusagia ni yaliyochemshwa yakapoa.

Naonja, natia chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, nakoroga. Chumvi naitia sasa na siyo jana, maana ikitangulia inawachelewesha bakteria. Nafunga mchanganyiko kwenye kitambaa cha bafta, nautundika kwenye rafu ya friji juu ya bakuli, na kuendelea na mengine.

Saa 2 asubuhi

Sasa krimu ya hoteli, lita mbili. Blenda yangu ni ya kawaida, jagi la lita moja na nusu, kwa hiyo nagawa korosho mafungu manne. Kila fungu ni gramu kama mia tatu na arobaini, na maji ya vuguvugu mililita mia moja tu kwanza.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanajaza maji yote mwanzoni kwa sababu blenda inazunguka kirahisi, na wanafurahi kusikia sauti laini. Korosho zikiwa kwenye maji mengi zinaogelea, zinalikimbia panga la blenda, zinapita pembeni. Zikiwa kwenye maji machache zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, na msuguano huo ndio unaozisaga. Kwa hiyo nawasha kwa vipindi vifupi, nazima, nasukuma kingo kwa mwiko wa mpira, nawasha tena. Mara tatu nne hivi mpaka inakuwa kama ugali mlaini. Hapo naiacha izunguke dakika moja, naipumzisha dakika moja, mara nne. Ikishakuwa laini ndipo namimina maji mengine mililita sabini na tano, kidogo kidogo kwa uzi mwembamba.

Kupumzisha si kwa ajili ya injini peke yake. Korosho ina wanga mwingi kuliko lozi au karanga. Jagi likipata moto sana, wanga unaanza kuiva humo humo na krimu inavutika kama gundi. Nikishika chini ya jagi na mkono ukashindwa kutulia, nasimama.

Saa 3 na nusu

Mafungu mawili ya kwanza yametoka nyororo. La tatu nilimwachia wifi, nikaenda kupokea simu. Niliporudi akanionyesha kijiko.

"Wifi, hii mbona kama ina unga wa sembe?"

Nilisugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, sikuhisi kitu. Nikaweka kwenye ncha ya ulimi na kusukuma kwenye kaakaa. Chengachenga, kweli. Ulimi unagundua punje ambazo kidole hakizioni, ndiyo maana huwa sipitishi chombo chochote bila kuonja hivyo.

"Maji uliweka yote?"

Akacheka kwa aibu. "Niliona inakwama, nikamimina."

Kuendelea kusaga uji mwepesi kama ule ni kupoteza umeme. Niliuchuja kwenye kitambaa cha kuchujia tui, nikakamua. Kilichopita kilikuwa sawa. Machicha yalikuwa kama vijiko vinne vya chakula. Tofauti na nazi, korosho iliyosagwa vizuri karibu haina machicha, kwa hiyo vijiko vinne ni ushahidi kwamba kazi haikuisha. Nikarudisha machicha kwenye jagi pamoja na konzi mbili za korosho kutoka fungu la nne ili blenda ipate kitu cha kushika, nikaongeza vijiko vitatu vya ile krimu, nikasaga nzito dakika tatu kwa mapumziko. Kisha nikamimina krimu iliyobaki. Ulimi haukusikia kitu tena.

Saa 5

Umeme ukakatika fungu la nne likiwa nusu. Nilihamishia jagi kwenye boksi la barafu nikafunika. Ulirudi baada ya dakika arobaini, na ajabu, fungu hilo ndilo lililotoka laini kuliko yote. Si ajabu sana nikifikiri: vipande vilivyokuwa vimekatwa tayari viliendelea kunywa maji. Tangu leo mwenye blenda dhaifu nitamwambia asage nusu, apumzike nusu saa, amalizie.

Saa 7 mchana

Bodaboda amepeleka hotelini, chupa zikiwa ndani ya barafu. Baada ya saa moja mpishi akapiga.

"Mama Neema, krimu yako imenifanyia mabonge."

"Uliitiaje, kaka?"

"Sosi ya nyanya ilikuwa inachemka, nikamwaga."

Sikumlaumu, krimu ya maziwa angeifanya hivyo ingemvumilia. Ya korosho ikiangukia kwenye moto mkali, wanga unavimba ghafla pale ilipoangukia kabla haijasambaa, na nyanya zina asidi inayozidi kuikatisha. Nilimwelekeza azime jiko, achote miiko miwili ya sosi ya moto aichanganye na krimu kwenye bakuli pembeni, kisha arudishe sufuriani taratibu huku anakoroga. Iwe ya mwisho kuingia, na isichemke tena. Hata hivyo itazidi kuwa nzito ikikaa, kwa hiyo aweke maji ya moto karibu. Kuhusu iliyokwisha kufanya mabonge, nilimwambia aitie blenda. Ilikubali.

Saa 10 jioni

Nimeosha, nimeanika vitambaa juani baada ya kuvichemsha. Kitambaa kikibaki na mafuta ya korosho kesho kinanuka kuchacha, na harufu hiyo inahamia kwenye jibini hata ukitumia korosho mpya. Korosho zenyewe nazo ninazihifadhi kwenye friji. Gunia nililonunua mwezi uliopita lilikuwa la msimu wa nyuma, nikalijua kwa kuonja kipande kimoja kikavu: kilianza vizuri na kumalizia kwa uchungu kooni. Korosho kama hizo hazifichiki kwa ndimu wala kitunguu saumu.

Saa 1 usiku

Saa kumi na tatu zimepita tangu nitundike jibini. Bakuli la chini lina maji kidogo tu, vijiko vitatu hivi. Nafungua bafta kwa uangalifu na donge linatoka zima, likiwa na alama za nyuzi za kitambaa. Nikilikata kwa kisu, ubavu wake unang'aa kidogo na hauna punje. Limekuwa gramu mia saba na hamsini. Nalikata vipande vitatu, kila kimoja kwenye kopo lenye tarehe, na chini yake naandika kwa kalamu nyekundu: *ina korosho, mwenye mzio asile; ikae kwenye friji, siku tano*. Mke wa mchungaji atapitia kesho mchana kabla ya Sabato.

Yaliyobaki chini ya jagi, ambayo mwiko haufiki, nimeyasuuza kwa maji ya moto na kuyamimina kwenye kisamvu. Wifi amekwisha kupakua mara mbili.