Kadi ya singo, kadi ya dabo

Agosti 2022, siku chache baada ya sensa, nilipanda basi la asubuhi kutoka Mbeya kwenda Iringa. Pembeni yangu alikaa dada mmoja mcheshi, mfuko wa maparachichi ameubana miguuni. Tulianza vizuri. Tuliongea baridi ya Uyole, tukaongea bei ya viazi, akanikatia parachichi nusu. Tulipopita Chimala nikajiona nimeshakubalika. Nikamuuliza, "Umeolewa?" Akasema hapana. "Una mtoto?" Akanitazama kidogo, akasema anaye mmoja. "Sasa unaishi na nani?"

Hapo alifunga mfuko wake. "Kaka, karani wa sensa alishapita kwetu."

Makambako basi liliposimama watu wakachimbe dawa, alirudi akakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na kuku.

Nilikuwa na muda wa kutosha hadi Iringa kuyatafakari maswali yangu matatu. Kila moja likiwa peke yake huenda lingepita. Tatizo lilikuwa kuyafululiza, huku mimi sijasema hata neno moja kuhusu nyumbani kwangu. Na lile la tatu lilikuwa baya kuliko yote. "Unaishi na nani" ni swali ambalo hata mwizi angeliuliza. Mwanamke anayesafiri peke yake atajuaje kama namtongoza au nachunguza mlango wake usiku unafungwa na nani?

Cha ajabu ni kwamba hata lile la kwanza, nililoliona la maana, halikuwa na faida. Huku kwetu kati ya "sijaolewa" na "sina mtu" kuna safari ndefu. Barua ya posa inaweza kuwa imeshapelekwa, kishika uchumba kimepokelewa, wazee wamebaki kuvutana idadi ya ng'ombe, na bado akikuambia hajaolewa amesema kweli tupu. Mwingine amekaa na mtu miaka mitano bila ndoa ya kanisani wala bomani. Pete nayo nimeacha kuitegemea: nawajua waliooa wanaoiacha kabatini, na nawajua wasichana wasio na mtu wanaovaa ya elfu mbili kutoka mnadani ili wasisumbuliwe. Kuitwa Mama Fulani kunakuonyesha kuwa kuna mtoto. Baba yuko wapi, jina halisemi.

Baada ya basi lile nikaingia kwenye njia wanayoitumia wengi: shemeji. Unamwita dada, kisha katikati ya salamu unachomeka, "Na shemeji hajambo?" Wanawake nao wanatufanyia hivyohivyo, "Wifi hajambo?" Ni swali jepesi kwa sababu linavaa nguo za salamu, na anayejibu anaweza kuchagua pa kusimama. Akisema "Shemeji yupi tena?" huku anacheka, mlango haujafungwa. Akisema "Hajambo, anakusalimia," umeshajibiwa.

Pale Mwanjelwa kulikuwa na muuza vitenge niliyempenda. Nikapitisha salamu ya shemeji. Akasema, "Hajambo, yuko Tunduma, anarudi leo jioni." Nikamtakia kazi njema, nikalipa kitenge ambacho mama yangu hakukihitaji, nikaondoka. Baada ya wiki jirani yake wa meza akaniambia hakuna shemeji yeyote Tunduma wala Vwawa. Rafiki yangu akanisukuma nirudi, eti sasa uwanja uko wazi. Sikurudi. Shemeji aliyetungwa kwa ajili ya kunikataa ananikataa sawasawa na shemeji mwenye ndevu. Isitoshe yule dada alikuwa kazini. Kuchekea wateja ni sehemu ya kuuza vitenge, na hawezi kuondoka kwenye meza yake kama yule wa kwenye basi alivyohama kiti.

Nilichoishia kukiona ni kwamba salamu ya shemeji ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ndogo: ukishasema "dada" na "shemeji" umejiandikisha mwenyewe kuwa kaka, na kujifuta huko ni kazi. Ya pili ni kwamba inadai mtu yupo. Siku moja nilimrushia mama mmoja tuliyekutana kwenye foleni ya benki, nikiwa najisikia mjanja. Akajibu kwa upole, "Shemeji yako tulimzika mwaka jana." Foleni ilikuwa na watu kumi na wawili mbele yangu, na sikupata neno la kusema hadi dirishani. Tangu hapo siitumii kwa mtu nisiyemjua.

Sasa nije kwenye ile iliyofanikiwa. Binamu yangu alikuwa anaoa, na mimi nikafanywa mweka hazina wa kamati. Tulikutana Jumapili saa kumi jioni kwenye ukumbi mdogo Soweto, mwezi wa saba, baridi ya Mbeya unaijua, watu wamekaa na makoti, chai inapoa kabla sukari haijayeyuka. Tulipanga mchango: singo elfu sabini, dabo laki moja. Kazi yangu ilikuwa kupita na daftari kwa kila mjumbe, kuuliza jina na ahadi. Upande wa bibi harusi alikuwepo mwalimu mmoja wa sekondari, mwenyeji wa Tukuyu. Siku ya kwanza nilimwamkia "Ugonile" kwa lafudhi yangu ya Kihehe, akacheka mpaka akavua miwani.

Nilipomfikia na daftari nikamuuliza kama nilivyowauliza wengine wote, "Kadi yako niandike singo au dabo?"

"Singo."

Ungeweza kudhani kazi imekwisha. Lakini aliyewahi kushika daftari la michango anajua kwamba neno hilo halithibitishi kitu. Kwenye ukurasa uleule nilikuwa na mzee mwenye wake wawili aliyeandikisha singo kwa sababu ya bei, na binti wa chuo aliyeandikisha dabo ili aje na mdogo wake. Tena nilikuwa namuuliza mbele ya watu ishirini, nikiwa na cheo. Kuongeza "Kwa nini singo, mrembo kama wewe?" pale kungemlazimisha ajieleze hadharani. Niliandika, nikasogea kwa mwingine. Lakini sasa nilikuwa na neno ambalo sote wawili tulikuwa tumeshalitamka, na ningeweza kulirudia baadaye bila kuonekana nimelizua.

Nilikaa vikao viwili bila kuligusa. Sikumuuliza bwana harusi pia, ingawa alikuwa anajua. Kwenye kamati ukiuliza kuhusu mtu Jumapili, Jumatatu habari imeshamfikia, tena imekuja na viungo. Picha yake ya Wasapu alikuwa na mwanaume amemshika bega, nikajizuia kuifanyia upelelezi. Mimi mwenyewe ya kwangu nimepiga na dada yangu na watu huniuliza harusi ilikuwa lini.

Kikao cha nne kilichelewa kuisha. Tulitoka pamoja hadi barabarani, yeye anasubiri bajaji ya kwenda Sae, kuna taa, kuna muuza mahindi ya kuchoma, watu wanapita. Nilichagua hapo makusudi. Bajaji ingekuja wakati wowote, kwa hiyo asingekuwa amebanwa na mazungumzo, na mimi nisingeweza kurefusha. Akaniuliza kama michango inaingia. Nikamwambia wa singo wanalipa haraka kuliko wa dabo, kisha nikasema, "Na mimi kadi yangu ni singo. Na si kwa sababu ya bei."

Hilo halikuwa swali. Nilitangulia kusema hali yangu, nikanyamaza. Angetaka, angejibu kuhusu yake. Asingetaka, angeongelea bei ya mahindi na hakuna ambaye angeaibika.

Akacheka. "Yangu ni kwa sababu ya bei."

Sasa hapo utafanyaje? Jibu hilo lina pande mbili. Linaweza kuwa mchezo, anaurudisha mpira. Linaweza pia kuwa "mtu yupo, ila laki moja hatuna," limefungwa kwenye kicheko ili lisiume. Mimi wa mwaka 2022 ningefurahia kicheko na kuendelea kutania nikitumaini ni lile la kwanza. Lakini kicheko si jibu, na kama kweli alikuwa na mtu, kila utani wa ziada ungemwongezea kazi ya kunikwepa hadi siku ya harusi. Nikaona bora niulize mara moja, wazi, kwa sentensi ambayo "ndiyo" yake ni rahisi kuitamka kama "hapana" yake.

Nikamwambia, "Basi niambie tu, kama kuna mtu ambaye hatafurahi mimi nikikutania, nibaki na daftari langu. Hata ukisema yupo, kadi yako haipandi bei."

Kila kipande cha maneno hayo nilikuwa nimekipika vikao viwili, sitakuficha. Sikusema "umeolewa" kwa sababu mchumba angepita pembeni. Sikuuliza huyo mtu ni nani, anafanya kazi gani, wala waliachana lini. Na ule mwisho wa kadi niliuweka ili ajue vikao vijavyo nitamsalimia vilevile.

Alinyamaza kidogo, akamtazama muuza mahindi. "Hayupo," akasema. "Alikuwepo hadi mwaka jana." Kisha bajaji ikasimama. Nilitamani sana kuuliza kilitokea nini mwaka jana. Nikamwambia, "Sawa. Nimefurahi kujua," nikamfungulia turubai aingie. Saa tatu usiku ujumbe ukaingia: amefika, na je, Wahehe wote huongea kwa mafumbo ya kadi?

Ya mwaka jana alinieleza mwenyewe baada ya wiki tatu, tukinywa chai Mafiat, bila mimi kuuliza. Yanabaki kwake.

Wiki moja kabla ya harusi nilikuwa nakusanya malipo ya mwisho. Akanifuata na elfu sabini mkononi, akazishikilia bila kunipa.

"Mweka hazina mzima hujui hesabu," akasema. "Singo mbili ni laki na arobaini. Dabo ni laki moja."

Nikafungua daftari pale pale, nikakata mistari miwili. Mwenyekiti alikuja juu, anataka kujua elfu arobaini za kamati zimeenda wapi.