Seli za akiba Kisumu: ninavyoziweka zikae miezi bila kuharibika

Seli ninazozungumzia hapa ni za lithiamu aina ya 18650, zile za mviringo zilizomo kwenye taa za sola, spika na pakiti za baiskeli za umeme. Volti yake ya kawaida ni 3.6 au 3.7, na ikijaa hufika 4.20. Fundi hununua kadhaa kwa pamoja, hutumia chache, na zinazobaki hungoja kazi nyingine hata nusu mwaka. Zangu huzilaza zikiwa na volti kati ya 3.60 na 3.75, mahali pasipozidi nyuzi 25. Volti ndiyo ninayoanza nayo, kwa sababu naweza kuipanga mwenyewe. Joto la Kisumu siwezi kulipanga, naweza tu kulikwepa.

Seli iliyolala haijatulia. Upande wake hasi umetengenezwa kwa grafiti, na juu ya grafiti kuna utando mwembamba unaokua polepole ukila lithiamu. Lithiamu iliyoliwa hairudi tena kazini. Seli ikiwa imejaa, grafiti huwa na ukali zaidi na utando hukua haraka. Joto nalo huongeza kasi, takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10. Mambo haya mawili yakikutana, hasara haijumlishwi, inazidishwa. Makadirio yanayotumiwa sana yanasema seli iliyokaa mwaka mzima kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa hubaki na asilimia 65 hivi ya uwezo wake, lakini ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na 85. Kwenye nyuzi 25, ile iliyojaa hubaki na 80 na ile ya asilimia 40 hubaki na 96. Seli nzuri za siku hizi hustahimili zaidi ya hapo, ila mpangilio ni ule ule.

Ndiyo maana kosa linaloumiza zaidi huku kwetu ni kuzichaji seli zote zijae "ziwe tayari", kisha kuziweka juu ya kabati kwenye duka la mabati lisilo na dari. Mchana mabati huchoma, na joto hupanda juu, palepale kabati lilipo. Seli mpya usizichaji ukizileta. Tangu Aprili 2016, kanuni za usafiri wa ndege wa kimataifa zinataka seli za lithiamu zinazosafirishwa peke yake zisizidi asilimia 30 ya chaji, kwa hiyo nyingi hufika zikiwa karibu na volti 3.5 au 3.6. Kiasi hicho kinazitosha kulala. Mimi huongeza chaji kidogo tu nikikuta iliyo chini ya 3.4.

Seli iliyojaa ndiyo ya kupunguzwa. Ukiwa na chaja yenye chaguo la `Storage`, itumie. Kwa mpangilio wa `LiPo` nyingi husimama kwenye 3.80 au 3.85, juu kidogo ya ninapopenda lakini haina neno. Bila chaja hiyo, natumia rezista ya omu 4 yenye wati 10. Ya wati 5 ingebeba, lakini ingechemka mno, maana seli iliyojaa huipa wati 4 na zaidi. Tuchukue seli ya 3000 mAh yenye volti 4.15. Nikiiunga na rezista hiyo, hutoka ampea moja hivi. Ninachotaka kutoa ni karibu nusu ya chaji, yaani 1400 mAh au zaidi kidogo, kwa hiyo kazi huchukua kama saa moja na nusu. Napima volti wakati rezista ingali imeungwa, na naiondoa rezista mita inaposoma 3.62 hivi. Seli ikipumzika, volti hupanda na kutua karibu na 3.70. Anayengoja isome 3.70 huku ikitoa umeme atabaki na chaji nyingi kuliko alivyokusudia. Rezista iwekwe juu ya kigae au kipande cha tofali, wala usiiache peke yake: ukisahau, itaimaliza seli kabisa.

Kipimo cha kuandika kwenye seli si cha siku hiyo. Volti huendelea kutembea baada ya kuchaji au kutoa umeme, kwa hiyo nasubiri wiki moja, kisha naandika volti na tarehe kwenye kipande cha tepu. Mita iwe na betri nzima ndani yake, kwa sababu mita yenye betri dhaifu husoma juu kuliko ukweli na kukufanya uione seli mgonjwa kuwa nzima.

Sasa mahali. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na chumba cha kawaida chenye dari kinatosha. Kisumu iko kama mita 1,130 na mchana hufika nyuzi 30 mara kwa mara. Hapa natafuta chumba cha matofali chenye dari, ukuta usiopigwa na jua la alasiri, na naweka seli chini karibu na sakafu ya saruji. Kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini, kikiachwa hapo wiki moja, kitakuambia ukweli kuliko mkono wako. Kila seli ikae kwenye kikasha cha plastiki, ncha zisigusane wala kugusa misumari na funguo, mbali na mafuta ya taa.

Friji inasaidia, lakini si kwa kila mtu. Kwa seli yenye nusu chaji itakayokaa chini ya mwaka, tofauti ya nyuzi 25 na nyuzi 8 ni ndogo, na stima ikipotea na kurudi, umande hushika kwenye ncha na kuleta kutu. Ninaitumia pale tu chumba kilichopo ni cha mabati. Seli huingia kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa, na pakiti ya silika ndani. Ukizitoa, usifungue mfuko mpaka zipate joto la chumba. Kwenye friza usiziweke.

Kila baada ya miezi mitatu napima tena. Seli nzima hushuka volti 0.01 hadi 0.03 hivi. Ikiwa wenzake wote wameshuka hivyo na moja imetoka 3.70 hadi 3.58, hiyo inavuja ndani; haiingii kwenye pakiti, kwa kuwa itazivuta chini zile zilizoungwa nayo. Iliyo chini ya 2.5 imeshaumia. Chini ya 2.0, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji, shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipo pake, na inaweza kuunganisha pande mbili na kuwasha moto. Hiyo nafunga ncha zake kwa tepu na kuipeleka kwa wanaokusanya taka za umeme. Pakiti zenye bodi ya ulinzi hufika kwenye volti hizo za chini upesi zaidi, kwa sababu bodi hunywa umeme kidogo usiku na mchana. Hizo nazipima kila mwezi.

Seli za lithiamu za chuma na fosfeti, zenye volti 3.2, zina kanuni yake. Volti yake hukaa karibu pale pale, 3.2 hadi 3.3, kutoka asilimia 30 hadi 80, kwa hiyo mita haikuelezi kitu. Zijaze, kisha utoe nusu kwa kuhesabu saa: seli ya 6000 mAh kwenye rezista ile ile ya omu 4 hutoa ampea 0.8, na nusu yake hutoka kwa saa tatu na dakika 45.