Nilivyomchorea fundi gauni, mbele na nyuma, na vipimo vyake

Gauni nililotaka lilikuwa na shingo ya V, limekatwa kiunoni, sketi inafunguka kidogo kwenda chini, zipu ya kuficha mgongoni. Sikuchora mtu aliyelivaa, nilichora gauni lenyewe kama limelazwa mezani, maana mtu akikaa pozi mshono wa kiuno unapinda na fundi hajui ndo ulivyo au ni pozi tu.

Nilikunja karatasi katikati nikachora nusu ya kushoto, halafu nikaibandika kwenye kioo cha dirisha nikakopi nusu ya pili, hapo mabega yanalingana. Ya nyuma nikaikopi juu ya ya mbele nikabadilisha shingo na kuweka zipu. Mshono ni mstari mzima, cherehani inayoonekana kwa juu ni vidoti vidoti, na hii nikaiandika pembeni.

Sasa vipimo, na hapa ndo penye kazi jamani. Kifua changu ni 92, ila gauni lenye 92 kamili huwezi hata kuvuta pumzi, so niliandika 98. Kiuno 74 nikaweka 78, hipsi 100 nikaweka 106, na juu kabisa ya karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: SENTIMITA, VIPIMO VYA GAUNI LIKISHAISHA KUSHONWA. Bila hiyo sentensi fundi anaona 98 anadhani ni ya mwili anaongeza tena, unapewa gunia.

Kila urefu nikauwekea mshale wenye mwanzo na mwisho. Kuandika "shingo 18" peke yake haitoshi, mwingine ataanzia kwenye shimo la koo na V itashuka mpaka aibu, so mshale wangu ulianzia pale bega linapokutana na shingo ukashuka wima. Bega mpaka kiuno 41, kiuno mpaka pindo 62, jumla 103, nayo nikaiandika ili akijumlisha aone zinakubaliana.

Zipu niliipigia hesabu. Mgongoni shingo mpaka kiuno ni 39, na lazima ishuke kama 18 chini ya kiuno ili hipsi zipite, hiyo ni 57, kwa hiyo nikaandika nunua ya 60, chini ipunguzwe. Chini yake nikaongeza: mshono wa kiuno ukutane sawa pande zote mbili za zipu.

Ncha ya V ndo niliichora tena kubwa pembeni. Nikaandika abandike kwa ndani kipande cha gamstei, kile kitambaa cha kukazia, ashone na bitana, akate kamkato mpaka karibu na uzi bila kuugusa ndo ageuze, asipokata hapo ncha inakunjamana hata upige pasi vipi.

Fundi aliuliza kitu kimoja tu, kama 62 ina pindo ndani. Haina, pindo ni 3 za ziada, nikamwandikia palepale.