Mwaka wangu wa kwanza mbele ya afisa wa kodi

Barua ya ofisi ya kodi ilinitaka nieleze chanzo cha fedha zilizoingia katika akaunti yangu tangu niliporejea nchini baada ya kufanya kazi ugenini kwa miaka mingi. Afisa aliyenipokea alikuwa kijana mpole, na mbele yake palikuwa na taarifa yangu ya benki, ambayo amepiga mstari chini ya muamala mmoja mkubwa kuliko yote.

“Mama, hii nayo ni pensheni?”

Nilimjibu kwamba sivyo, kwamba hiyo ni akiba niliyoiweka kidogo kidogo nikiwa bado kazini huko, nami nimeihamisha tu. Alikubali kwamba kuhamisha akiba yako mwenyewe si kupata kipato, lakini maneno hayakumtosha. Alitaka taarifa ya benki ya ugenini inayoonyesha salio la siku ile niliyoanza kuhesabiwa kuwa mkaazi wa hapa kwa madhumuni ya kodi, kwa sababu kilichokuwemo siku hiyo ni mtaji, na kilichozaliwa baadaye ni kipato. Nilipoileta, tofauti ilijitokeza wazi: kiasi kilichohamishwa kilizidi salio lile. Ziada hiyo ilikuwa riba ya amana ya muda maalumu ya miezi 12 iliyoiva miezi 2 baada ya mimi kurejea. Nilidhani ningetozwa kwa miezi hiyo 2 pekee, kwani riba nyingine ilikuwa ya kipindi nilichokuwa ugenini, lakini afisa alinieleza kwamba sheria wanayoifuata wao hutazama siku riba ilipoingia mkononi, haitazami miezi iliyoizalisha. Sikuona kama ni haki, ila ningalipewa sheria hiyo mapema ningaliivunja amana kabla ya safari.

Kisha tukaingia katika makato, na hapo ndipo palipochukua muda. Benki ya ugenini ilikuwa imekata kodi ya zuio ya 20 katika kila 100 ya riba, kwa hiyo iliyofika ilikuwa 80. Afisa alisisitiza kwamba kwenye ritani, yaani fomu ya kutangaza kipato kwa ofisi ya kodi, niandike 100, si 80, kwa kuwa kodi hupigwa juu ya kipato kamili kabla ya makato, kisha kodi iliyolipwa nje hupunguzwa upande wa pili. Nilitarajia zipunguzwe zote 20. Alifungua mkataba wa kuzuia utozaji kodi mara mbili baina ya nchi zile mbili, akanionyesha ibara ya riba, ambayo iliiruhusu nchi ya chanzo kukata isiyozidi 10. Kwa kiwango changu cha kodi cha 15, alinipunguzia 10, nikabaki kudaiwa 5.

“Na hizo 10 nyingine, mwanangu?”

“Hizo zilikatwa kinyume cha mkataba, Mama. Hatuwezi kukurudishia sisi fedha ambazo hatukuzipokea. Zidai kwa waliozikata.”

Pensheni ilikuwa na tatizo lilo hilo, ila kubwa zaidi. Niliajiriwa na kampuni binafsi, na mkataba, kama mingi inayofuata kielelezo cha OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, uliiweka pensheni ya namna hiyo chini ya nchi anayokaa mstaafu peke yake. (Pensheni za waliotumikia serikali zina ibara yake tofauti, na aliyekuwa mtumishi wa umma hafai kufuata mfano wangu.) Hata hivyo mfuko wa pensheni uliendelea kunikata kila mwezi, kwa sababu kanuni zao ziliwataka wakate mpaka wapokee cheti cha ukaazi wa kodi kutoka nchi niliyohamia. Kwa hiyo hapa nilitozwa pensheni nzima bila kupunguziwa hata senti, na kwa miezi kadhaa pensheni ileile ikawa inalipiwa kodi pande zote mbili.

Cheti hicho hutolewa na ofisi ileile iliyoniita. Niliombwa pasipoti yenye mihuri ya kuingia, uthibitisho wa makazi, na namba ya mlipakodi. Na jambo la maana kuliko yote lilikuwa tarehe, kwani cheti kisichotaja siku ukaazi ulipoanza kingeyaacha nje makato ya miezi ya mwanzo. Nilisoma nakala yangu pale pale dirishani kabla ya kuondoka.

Nilipeleka nakala moja kwa mfuko wa pensheni na nyingine kwa mamlaka ya kodi ya huko, pamoja na fomu ya madai na hati za makato. Makato ya pensheni yalikoma kwanza. Marejesho yalikuja mwaka uliofuata, yakiwa na nyongeza ndogo ya riba kwa kucheleweshwa. Yale marejesho yenyewe hayakuwa kipato, kwani ilikuwa kodi yangu inanirudia. Ile nyongeza ndogo nikaiandika kwenye ritani, katika safu ya riba ya nje.