"Mfumo, kaka"

Siku ya tisa leo bila akaunti yangu ya kupeleka oda kwa pikipiki, na bado namsikia yule dada wa dawati la huduma. Nilimuuliza, "Dada, nani ameamua nifungiwe?" Akajibu macho yakiwa kwenye kompyuta, "Mfumo, kaka. Mimi naona tu imeandikwa imefungwa." Nikamwambia oda ile ya Kilimani niliifikisha mlangoni. "Mteja amesema haikufika." Je, kuna mtu aliyesikiliza upande wangu? "Hakuna mtu, kaka. Ni mfumo."

Alisema kwa upole kabisa. Afadhali angenifokea. Posa ya dada yetu imepita Jumamosi na wazee wameelewana, lakini mimi nilikaa pale nikimsikia yule wa dawati tu.

Halafu kuna hela. Salio la wiki lilikuwa shilingi 11,260. Walipofunga, safari zote zilinipotea. Nimebaki na picha ya skrini niliyoipiga Ijumaa usiku. Kwa hasira nilitaka kudai yote, Mama Junior akanizuia. Mfukoni nilikuwa na 2,150 za wateja waliolipa taslimu, na hizo ni za kampuni. "Toa zao kwanza, wasikuite mwizi mara ya pili." Kwa hiyo nadai 9,110.

Jana nikarudi kwenye lile jengo la Kilimani. Mzee wa getini alinikumbuka. Akafungua kitabu cha wageni, kurasa zimejikunja kwa mvua, akashuka na kidole hadi kwenye mstari wangu: nambari ya pikipiki, nyumba B14, kuingia 7.42 usiku, kutoka 7.51. Akanishikia tochi nikapiga picha. Nilipanda pikipiki nikitetemeka kwa furaha.

Usiku huohuo nikaandika barua. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinaniruhusu kuomba uamuzi uangaliwe upya, ikiwa umefanywa na mashine peke yake na umeniumiza. Hapo kwenye "peke yake" ndipo kampuni nyingi hujitetea kwamba kuna mtu aliyepitia. Basi nimeandika maneno ya yule dada yote, pamoja na tarehe na saa: hakuna mtu, ni mfumo. Nimeomba pia rekodi za safari zangu na alama za GPS za usiku ule, ambazo kanuni zinawapa siku 7 kuzitoa. Wakinyamaza, naenda kwa Kamishna wa Data. Zile 9,110 nitazipeleka Mahakama ya Madai Madogo, ingawa huko nitapata hela tu. Akaunti hawawezi kunirudishia.

Nimeisoma barua mara nne kabla ya kuituma. Sasa nangoja.

Mama hajapokea simu tangu asubuhi, na si mtu wa kuacha simu ilie. Ngoja nimpigie jirani yake.